Kuakisi Poti Hakupunguzi Kasi ya Mtandao: Majibu kwa Madai Yanayosikika Kisii na Nyamira

Malalamiko kuhusu mtandao katika ofisi za Kisii na Nyamira yanafanana sana. Asubuhi mfumo unasuasua, wateja wanapanga foleni, na kabla ya saa sita mtu keshaipigia simu kampuni ya intaneti kuomba kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kinaongezwa, mambo yanatulia wiki mbili, kisha malalamiko yanarudi. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyetazama ni nini hasa kinachopita ndani ya waya.

Njia ya kutazama ipo, na mara nyingi imo ndani ya swichi ambayo ofisi ilikwisha kuinunua. Unaiamuru swichi inakili kila pakiti inayopita kwenye poti fulani na kupeleka nakala hizo kwenye poti nyingine, ambako umechomeka kompyuta ya uangalizi. Huko ndiko kuakisi poti. Hata hivyo, kila jambo hili linapopendekezwa kwa mafundi na mameneja wa huku kwetu, hukutana na madai yanayojirudia. Nayajibu hapa kwa sababu nimechoka kuona fedha za wanachama na karo za wazazi zikinunua kasi ambayo haikuwa inahitajika.

"Ukiwasha kuakisi, mtandao mzima utapungua kasi"

Dai hili ndilo kubwa, na ndilo linalostahili jibu refu.

Fremu inapoingia kwenye swichi huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya chipu. Chipu husoma anwani ya inakokwenda, hutazama jedwali lake, kisha huamua itokee poti ipi. Ukiwa umewasha kuakisi, uamuzi huo huongezewa neno moja tu: fremu hii itokee pia kwenye poti ya uangalizi. Kila poti ina foleni yake ya kutokea. Fremu halisi inapanga foleni kwenye poti yake na kuondoka, nakala inapanga kwenye foleni nyingine kabisa, na hakuna inayomsubiri mwenzake.

Wala si kazi ngeni kwa chipu. Kompyuta inapouliza mtandao mzima nani mwenye anwani fulani, swichi ya poti 24 huitoa fremu hiyo moja kwenye poti 23 nyingine kwa mpigo. Hufanya hivyo siku nzima bila mtu kulalamika. Kuongeza nakala moja kwa mtiririko wa poti moja ni mzigo mdogo kuliko huo.

Basi mzigo unaangukia wapi? Unaangukia kwenye poti inayopokea nakala. Nakala zikizidi uwezo wa poti hiyo, foleni yake inajaa na chipu inaanza kuzitupa. Kinachotupwa ni nakala. Pakiti yenyewe ilishaondoka na kumfikia mwenyewe. Ukilishika jambo hili moja, kwamba gharama ya kuakisi hulipwa na nakala wala si na mtandao, utayaelewa karibu mengine yote ninayoeleza hapa chini, pamoja na hatari zake.

Asiyeamini na apime mwenyewe. Chukua kompyuta mbili zilizo kwenye swichi hiyo, moja isikilize na nyingine itume kwa sekunde 30:

```
iperf3 -s
iperf3 -c 192.168.10.20 -t 30
```

Kwenye poti za gigabiti 1 na kebo nzima, utapata karibu megabiti 940 kwa sekunde. Washa kuakisi kwenye poti ya mojawapo ya kompyuta hizo, kisha rudia. Ukipata megabiti 940 tena, mjadala umekwisha kwa swichi hiyo. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kikao cha kubishana.

Dai lenyewe halikuzuka hewani, na nawaelewa mafundi wanaolisema, maana wapo walioona mtandao ukianguka kweli dakika ileile waliyowasha kuakisi. Mara nyingi sababu ni moja: poti iliyochaguliwa kupokea nakala ilikuwa na kazi nyingine. Kwenye swichi za Cisco, poti ukishaifanya ya kupokea nakala huacha kuwa poti ya kawaida. Haipokei chochote kutoka kwa kifaa kilichochomekwa. Ukiitazama kwa amri ya kuonyesha hali ya poti, utasoma `line protocol is down (monitoring)`, na mtu asiyejua huona neno `down` akadhani poti imekufa, kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kama poti hiyo ilikuwa inaenda kwenye kisambaza waifai cha chumba cha walimu, chumba kizima kimekatika. Hakuna kilichopungua kasi hapo. Mtu amekata tawi.

Kwenye swichi za bei nafuu kosa hilohilo lina sura mbaya zaidi. Baadhi yake hazikufungii poti hiyo. Ukiwa umeielekeza kwenye swichi ya pili, nakala zinamiminika huko, na swichi ya pili inaanza kujifunza kwamba kompyuta zote zinapatikana kupitia mlango huo mmoja. Pakiti za kweli zinapelekwa kusiko, watu wanapotea mtandaoni na kurudi, na lawama inaangukia kuakisi. Kinga ni nyepesi: poti ya kupokea nakala ichomekwe kompyuta ya uangalizi peke yake, isichomekwe kitu kingine chochote.

Kuna pia hali ambapo dai lina ukweli, na itakuwa si haki kuificha. Vifaa vingine havinakili kwa chipu ya swichi bali kwa prosesa kuu. Ruta ndogo ikiagizwa kunasa pakiti na kuzituma kwa programu yake ya ndani, prosesa ileile inayohudumia ofisi nzima ndiyo itakayonakili, na hapo kasi inaweza kushuka kweli. Halafu, kwenye swichi ndogo ambayo poti zake zinagawana kumbukumbu moja, foleni ya nakala iliyojaa inaweza kula nafasi ambayo poti nyingine zingeihitaji wakati wa msongamano. Ndiyo maana ninasisitiza mambo mawili: nakili kwa chipu, na usinakili kuliko poti ya kupokea inavyoweza kubeba.

"Vifaa vyetu ni vya bei rahisi, hayo ni ya mashirika makubwa"

Hili halihitaji maneno mengi. Swichi isiyo na ukurasa wa mipangilio haiwezi, hilo ni kweli. Lakini swichi nyingi ndogo zinazosimamiwa kwa kivinjari zina uwezo huu, na ruta nyingi za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye shule na ofisi za huku, zina chipu ya swichi inayonakili kwa mstari mmoja:

```
/interface ethernet switch set switch1 mirror-source=ether2 mirror-target=ether5
```

Hakikisha tu kwamba poti zote mbili ziko kwenye chipu moja, na kwamba `ether5` umeitoa kwenye daraja la mtandao wa ndani. Kwenye Cisco ni mistari miwili:

```
monitor session 1 source interface gigabitEthernet 0/1 both
monitor session 1 destination interface gigabitEthernet 0/24
```

Hifadhi mipangilio baada ya hapo. Stima ikipotea kabla hujahifadhi, swichi itawaka upya bila kukumbuka lolote, na kompyuta ya uangalizi itakaa inanasa ukimya.

"Tuakisi poti zote, tusikose kitu"

Dai hili hutoka kwa waliokwisha kushawishika, na ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri.

Poti ya gigabiti 1 hubeba gigabiti 1 kuingia na gigabiti 1 kutoka kwa wakati mmoja. Nakala za pande zote mbili zinaweza kufika gigabiti 2. Poti ya kupokea hutoa nakala kuelekea kwenye kompyuta ya uangalizi kwa upande mmoja tu, gigabiti 1. Poti moja yenye shughuli nyingi inatosha kuizidi; sasa fikiria 23. Tuseme seva mbili zinahifadhi data usiku, kila moja ikitiririsha megabiti 700 kwa sekunde. Nakala ni megabiti 1,400, poti inatoa 1,000, kwa hiyo kila sekunde megabiti 400 zinatupwa, yaani megabaiti 50 za ushahidi ambao hutauona. Na chipu haikuulizi itupe zipi.

Tatizo la pili ni nakala pacha. Pakiti inayotoka kwenye kompyuta ya karani kwenda kwenye ruta inanakiliwa ikiingia poti ya karani, na inanakiliwa tena ikitokea poti ya ruta. Wireshark inaiona mara mbili na kuandika `TCP Retransmission`, na fundi anaripoti kwamba mtandao unapoteza pakiti. Mtandao ni mzima, kilichozidi ni nakala. Ukiona pakiti mbili zenye namba ileile ya utambulisho ya IP zikiwa zimetengana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, shuku hilo kabla ya kushuku waya.

Jibu ni kuchagua poti moja ambapo swali lako linapita. Kama swali ni kwa nini intaneti inasuasua, poti hiyo ni ile inayounganisha swichi na ruta, upande wa ndani. Nasema upande wa ndani kwa sababu ruta ikishabadilisha anwani, kompyuta zote za ofisi huonekana nje kwa anwani moja ya kampuni ya intaneti, na hutajua nani ni nani. Ndiyo maana kwenye mstari wa MikroTik hapo juu niliandika `ether2`, nikiwa nimechukulia kwamba `ether1` ndiyo inayokwenda nje.

Hapa ndipo hali ya huku kwetu inatusaidia. Ofisi nyingi za Kisii na Nyamira zina kiungo cha intaneti cha makumi ya megabiti, si gigabiti. Kiungo cha megabiti 20 kila upande, hata kikijaa pomoni, hutoa nakala za megabiti 40. Poti ya kupokea ina 1,000. Umetumia asilimia 4 ya uwezo wake, na hofu ya nakala kutupwa karibu inakwisha. Angalia tu kwamba kompyuta ya uangalizi imeungana kwa gigabiti kweli. Kebo yenye jozi moja iliyokatika huishusha hadi megabiti 100 bila kupiga kelele.

"Kisichoonekana kwenye nakala hakikutokea"

Hapana. Nakala ina upofu wake, na anayeitegemea lazima aujue.

Upofu wa kwanza ni nakala zilizotupwa, ambazo nimezieleza. Utazijuaje? Itifaki ya TCP inakusaidia, kwa sababu anayepokea data hutuma kibali kwamba ameipata. Ukiona kibali cha data ambayo hukuwahi kuiona ikipita, basi data ilifika na ni nakala yako iliyopotea. Wireshark huandika wazi `TCP ACKed unseen segment`. Maneno hayo yakijaa kwenye skrini, acha kulaumu mtandao na upunguze unachonakili. Programu ya Zeek, ambayo Vern Paxson alianza kuiandika mwaka 1995 kwa jina la Bro katika maabara ya Lawrence Berkeley, hupima hasara hiyohiyo na kuiandika kwenye faili la `capture_loss.log`. Kwenye Cisco unaweza pia kutazama `Total output drops` za poti ya kupokea. Na kompyuta yenyewe ikizidiwa, `tcpdump` ikifungwa itakuambia idadi ya pakiti zilizotupwa kwenye mstari wa `packets dropped by kernel`. Sehemu hizi zinakuonyesha nakala zimepotelea wapi.

Upofu wa pili una uzito wa pekee katika nyanda za juu za Gusii, ambako mvua na radi si wageni. Radi ikipiga karibu, swichi haifi kila mara. Wakati mwingine poti moja inabaki hai ikiwa imejeruhiwa, na kuanzia hapo inapokea fremu zilizoharibika. Swichi hukagua kila fremu ikiingia, na iliyoharibika huitupa hapohapo, kabla ya hatua ya kunakili. Kwa hiyo kompyuta ya uangalizi haitaiona hata moja. Utaona tu matokeo yake: kompyuta moja inayorudia kutuma mara kwa mara. Ushahidi wenyewe uko kwenye hesabu za poti, kwenye mstari wa `CRC` unapoandika `show interfaces`. Zifute hesabu kwanza, subiri saa moja ya kazi, kisha tazama kama zimepanda. Hesabu ya zamani haikuambii kama ugonjwa bado upo.

Wa tatu ni rahisi: makarani wawili waliochomeka kwenye swichi hiyohiyo wakitumiana faili, mtiririko wao haugusi poti ya ruta. Ukinakili poti ya ruta hutauona.

"Siku hizi kila kitu kimefichwa kwa msimbo, utaona takataka tu"

Ni kweli kwamba yaliyomo kwenye kurasa nyingi yamefichwa. Lakini swali la ofisi linapokuwa "nani anamaliza kasi yetu?", yaliyomo hayahitajiki. Kinachohitajika ni nani anaongea na nani, lini, na kwa kiasi gani. Hayo yote yako nje ya bahasha.

Nitafuata mfano mmoja hadi mwisho. Chukua sacco ya wakulima yenye ofisi kuu mjini Kisii na tawi Nyamira. Ni mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai imeingia, na foleni imefika barabarani. Kiungo ni cha megabiti 20 kila upande. Kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi kila muamala unachukua muda mrefu; saa tano mambo yanakuwa sawa, ingawa foleni haijapungua. Hilo la mwisho ndilo dokezo. Kama tatizo lingekuwa wingi wa wateja, lingeisha wateja wanapoisha.

Kompyuta ya uangalizi inawekewa kadi mbili za mtandao: moja ya kupokea nakala, isiyo na anwani ya IP, na nyingine ya kuiingilia kutoka mbali. Kisha tunanasa:

```
tcpdump -i eth1 -nn -s 128 -C 100 -W 50 -w asubuhi.pcap
```

Sehemu ya `-s 128` inaamuru ihifadhi baiti 128 za mwanzo za kila pakiti, ambamo anwani na namba zote tunazohitaji zimo. Kiungo cha megabiti 20 kikijaa upande mmoja, kuhifadhi kila kitu kungekula gigabaiti 9 kwa saa. Kwa kukata hivi, pakiti kubwa zinabaki chini ya sehemu ya kumi. `-C 100 -W 50` huzungusha faili 50 za karibu megabaiti 100 kila moja, ili diski isijae hata mtu akisahau.

Faili likifunguliwa kwa Wireshark, unaingia `Statistics`, kisha `Conversations`, na kupanga kwa `Bytes`. Wireshark inakumbuka urefu halisi wa kila pakiti hata kama tumehifadhi kichwa chake tu, kwa hiyo hesabu ni sahihi. Katika mfano wetu mstari wa kwanza ni anwani moja ya ndani inayopakia data kwenda nje, na peke yake imechukua karibu nafasi yote ya kupakia kuanzia saa mbili kamili. Ukifuatilia anwani hiyo kwenye swichi, inatokea poti ya kifaa cha kurekodi kamera za ulinzi. Aliyekifunga alikipanga kipandishe picha za usiku uliopita kwenye hifadhi ya mtandaoni kila asubuhi.

Kwa nini hilo liwaumize makarani, ambao wao wanatuma vijumbe vidogo? Kwa sababu vijumbe hivyo vinapanga foleni ileile ndani ya ruta. Ruta yenye foleni ya megabaiti 1 mbele ya kiungo cha megabiti 20 inahitaji sekunde 0.4 kuimaliza. Kila ombi la karani linasubiri kiasi hicho kabla ya kutoka. Muamala unaohitaji kwenda na kurudi mara kumi umeongezewa sekunde nne, na karani anasema mfumo umekwama. Kuongeza kifurushi hadi megabiti 40 kungefanya kifaa cha kamera kimalize kazi yake mapema. Asubuhi ingeendelea kuwa chungu, ila kwa muda mfupi zaidi. Kuhamisha upakiaji uwe saa nane usiku hakugharimu kitu.

Hakuna herufi moja ya siri ya mwanachama iliyosomwa katika uchunguzi huo.

"Mtandao ni wangu, naweza kusoma chochote kinachopita"

Dai hili nalisikia kwa wenye ofisi, na linanitia hofu kuliko yote. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na hilo halikomi mlangoni pa mwajiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai uwe na sababu halali ya kukusanya taarifa za mtu, ukusanye kadiri ya haja tu, na usizikalie kupita haja hiyo. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, jambo ambalo kila zahanati na hospitali inapaswa kulizingatia kabla ya kuwasha kuakisi, maana mifumo ya ndani mara nyingine husafirisha majina na majibu ya maabara bila msimbo wowote. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya mwaka 2018 inafanya kunasa mawasiliano bila idhini kuwa kosa la jinai. Fundi anayechomeka kompyuta yake kwa hisani ya mlinzi ndiye atakayejibu.

Kwa hiyo andika barua fupi kabla ya kuanza: poti ipi, kwa swali gani, kuanzia lini hadi lini, nani atafungua faili, na litafutwa lini. Isainiwe na mwenye mamlaka. Wafanyakazi waambiwe. Hata vichwa vya pakiti si vitu vya kuchezea: maulizo ya DNS yasiyofichwa hutaja tovuti kwa majina, na jina la tovuti linaweza kumweleza mtu mambo ambayo hakumwambia yeyote kazini.

"Basi tutanakili tawi la Nyamira na kuzileta nakala Kisii"

Hapa wanaoogopa kupungua kwa kasi wana haki, nami nasimama upande wao.

Nakala inayotoka poti moja kwenda nyingine ndani ya swichi moja haimgusi mtu. Nakala inayosafirishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine inapita barabara ileile ya watu. Tuseme tawi lina kiungo cha megabiti 10 kila upande kwenda ofisi kuu, na kwa kawaida linapokea megabiti 6 na kutuma megabiti 1. Nakala za pande zote mbili ni megabiti 7, na zote zinasafiri upande wa kutuma. Upande uliokuwa na megabiti 1 sasa una 8, kabla ya gharama ya kufungasha. Njia ya Cisco ya kusafirisha nakala juu ya IP huongeza baiti 50 kwa kila pakiti. Pakiti iliyokuwa imejaa haitoshi tena kwenye kiungo cha kawaida cha baiti 1,500, hivyo inakatwa vipande viwili au inatupwa. Asubuhi yenye shughuli, tawi limekwama, na safari hii uangalizi wenyewe ndio uliolikwamisha.

Liko kosa jingine baya kuliko hilo: kunakili poti ileile ambayo nakala zinatokea. Kila nakala inayotoka inanakiliwa tena, nayo nakala ya nakala inanakiliwa, hadi kiungo kijae ndani ya muda mfupi. Dalili yake ni mtiririko wa kutuma unaopanda ghafla hadi mwisho na kubaki hapo, ukishuka papo hapo unapozima kuakisi.

Tawi liwekewe kompyuta yake ya uangalizi palepale Nyamira. Hata kompyuta kuukuu inamudu vichwa vya pakiti vya kiungo cha megabiti 10, ilimradi kadi yake ya mtandao ni nzima. Fundi aliye Kisii anaingia kwa kadi ya pili, anatazama huko huko, na kinacholetwa ofisi kuu ni muhtasari tu wa nani aliongea na nani na kwa baiti ngapi. Faili zima likihitajika, linavutwa baada ya saa za kazi kwa kasi iliyowekewa kikomo:

```
rsync --bwlimit=250 fundi@10.20.0.5:/data/asubuhi.pcap* .
```

Kikomo hicho ni kilobaiti 250 kwa sekunde, sawa na megabiti 2 za ule upande wa kutuma wa 10. Faili la megabaiti 100 linafika kwa chini ya dakika saba, na lililobaki Nyamira linafutwa tarehe iliyoandikwa kwenye barua.